Seva itabeba wanafunzi wangapi tena mbele ya kukwama?

Tuseme shule moja ya Kailo iko na seva ya masomo. Wanafunzi wanaingia kwa simu, hasa jioni kati ya saa moja na saa mbili, wakijitayarisha kwa mtihani wa taifa, Egzeta. Kila juma wanaongezeka. Swali ni hili: seva itashika mpaka siku ya mtihani?

Kwanza kupima saa ile ya watu wengi, si siku nzima. Usiku seva inalala, na wastani wa siku unadanganya. Amri hii inapima kila dakika 5, kwa saa moja:

```
sar -u 300 12
```

Kwa 100 toa `%idle` na `%iowait`: kinachobaki ni kazi ya prosesa. Tuseme ni 42%, na wanafunzi 60 wameingia. Lakini pima pia wakati hakuna mtu, maana seva inajitumia yenyewe. Tuseme ni 6%. Basi wanafunzi 60 wanatumia 36%, kila mmoja 0.6%.

Watu wengi watasema: nafasi bado iko mpaka 100%. Hapana. Maombi yanapanga foleni. Kwa hesabu ya kawaida ya foleni ya prosesa moja, kazi ikiwa 50%, jibu linachukua mara 2 ya muda wake. Ikiwa 70%, mara 3 na kidogo. Ikiwa 90%, mara 10. Ndiyo sababu mpaka unawekwa 70%. Kutoka 42 kufika 70 ni 28. Gawanya kwa 0.6: wanafunzi 46 tena, jumla 106.

Sasa majuma. Kama wanaongezeka 5% kila juma, juma la kwanza ni watu 3. Ukigawanya 46 kwa 3 utapata majuma 15, na hapo ndipo kosa liko: hiyo 5% inahesabiwa juu ya watu wanaozidi kuongezeka. Zidisha 60 kwa 1.05 mara kwa mara: juma la 11 wako karibu 103, la 12 wanafika 108. Mpaka umevukwa. Anayengojea majuma 15 amechelewa, maana mashini mpya inafika Kindu kwa ndege, kwa gari la moshi, ao kwa mto kutoka Ubundu, kisha bado barabara ya Kailo.

Hesabu hii inafaa tu kama prosesa ndiyo inayozuia. Kama masomo yanafunguka polepole na prosesa iko chini, angalia `%iowait`: ikiwa juu, diski ndiyo inachelewesha, na prosesa mpya haitasaidia. Tena, rudia kipimo kila juma. Siku mwalimu akianza kuweka video, ile 0.6% haitakuwa 0.6% tena.