Bei Iliyomezwa na Jina

Aplikesheni ya duka inapanga bidhaa zake mstari kwa mstari: picha kushoto, jina katikati, bei kulia. Kwa "Sukari" na "Unga wa sembe" kila kitu kinakaa vizuri. Siku muuzaji anapoandika "Mchele wa Kyela daraja la kwanza, mfuko wa kilo 25", bei inatoweka. Haijafutwa wala haijakosewa kwenye kanzidata. Ipo palepale kwenye mstari, ila imepewa upana wa sifuri.

Skrini za namna hii kwenye simu za Android siku hizi hujengwa kwa Jetpack Compose, zana ya Google ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka Julai 2021. Mstari huandikwa kwa neno `Row`, na vitu vilivyomo ndani yake huitwa watoto. Kosa linalomeza bei huonekana hivi:

```kotlin
Row(Modifier.fillMaxWidth()) {
    Image(picha, null, Modifier.size(56.dp))
    Text(jina, Modifier.fillMaxWidth())
    Text(bei)
}
```

Tuchukue simu yenye skrini ya upana wa dp 360, dp ikiwa ni kipimo cha Android kisichoyumbishwa na wingi wa pikseli za simu. Tukiacha dp 16 za pembezoni kila upande, mstari unabaki na dp 328. Picha inapimwa kwanza na kuchukua 56, zinabaki 272. Linafuata jina, nalo limeandikiwa `fillMaxWidth()`, yaani lijaze upana wote linaoruhusiwa. Linaruhusiwa 272, linazichukua zote. Zamu ya bei inapofika, hakuna kitu.

Mwenye kuona hivyo mara nyingi hukimbilia kuipa bei `weight(1f)`, akitumaini kwamba uzito utaitetea. Hali haibadiliki hata kidogo. Anajaribu kuihamisha bei iandikwe kabla ya jina, na bado inapata sifuri. Hapo ndipo wengi huanza kushuku kwamba Compose yenyewe ina hitilafu, wakati inafuata utaratibu wake bila kuukiuka.

Utaratibu huo una awamu mbili. Awamu ya kwanza, `Row` huwapima watoto wasio na uzito, mmoja baada ya mwingine kwa jinsi walivyoandikwa, na kila mmoja huambiwa asizidi kile kilichobaki baada ya waliomtangulia. Awamu ya pili, kinachosalia hugawiwa wenye uzito kulingana na namba zao: mwenye `weight(2f)` hupata mara mbili ya mwenye `weight(1f)`. Ni kama mirathi. Madeni ya marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi hugawana kilichosalia kwa mafungu yao. Mtoto mwenye `fillMaxWidth()` ni mdai asiyetaja kiasi. Anadai chochote kilichomo. Mrithi awe ametajwa wa kwanza au wa mwisho, atakuta sanduku tupu.

Kwa nini basi `Row` isirudi nyuma, ikamwambia jina lipungue kidogo ili bei ipate nafasi? Kwa sababu Compose inakataza. Katika mzunguko mmoja wa upangaji, kila mtoto hupimwa mara moja tu, na msimbo unaojaribu kumpima mtu mara ya pili huangusha aplikesheni. Sharti hili liliwekwa kwa ajili ya kasi. Skrini ya kawaida ina mistari ndani ya safu, na safu ndani ya mistari mingine. Kila ngazi ikiruhusiwa kupima mara mbili, vipimo vya ngazi ya chini kabisa huongezeka maradufu kwa kila ngazi inayoongezwa juu yake. Kwa hiyo uamuzi wa nani atangulie lazima ufanywe mapema, na `Row` imeamua kuwatanguliza wasio na uzito.

Ukishaujua utaratibu huo, utaona kwamba `fillMaxWidth()` si mkosaji pekee. Ondoa neno hilo kwenye jina, liache wazi. Maandishi yasiyo na amri yoyote huchukua upana yanaohitaji, na jina refu linahitaji zaidi ya dp 272, kwa hiyo litazichukua zote vilevile. Tofauti ni kwamba sasa kosa limejificha: "Sukari" inapita salama, na kasoro inangoja mfuko wa kilo 25. Jina likiacha nafasi finyu badala ya kumaliza yote, bei huvunjika herufi chini ya herufi, na mstari mzima huvimba kwenda chini. Ukiona mstari mmoja wa orodha umekuwa mrefu kuliko wenzake bila sababu, tafuta maandishi yaliyobanwa namna hiyo.

Sehemu ya fungu nayo huwachanganya watu. Wawili wakiandikiwa `fillMaxWidth(0.5f)` kila mmoja, mtu hutegemea nusu kwa nusu. Lakini nusu hiyo huhesabiwa kwa kile kilichopo zamu yake inapofika. Kwenye mstari wa dp 328, wa kwanza atapata 164, na wa pili atapata nusu ya zilizobaki, yaani 82, huku 82 nyingine zikikaa wazi. Anayetaka nusu halisi awape wote wawili `weight(1f)`.

Dawa ya mstari wetu wa duka ni kuliweka jina upande wa warithi na kuiacha bei bila uzito:

```kotlin
Text(jina, Modifier.weight(1f), maxLines = 2)
Text(bei)
```

Sasa picha inachukua 56, na bei, ijapokuwa imeandikwa mwisho, inapimwa kabla ya jina. Tuseme imehitaji 70. Jina linapewa 202 zilizobaki, na likizidi hapo linashuka mstari wa pili. Mpangilio kwenye skrini haubadiliki: picha, jina, bei. Kinachobadilika ni foleni ya kupimwa tu.

Uzito wa kawaida humlazimisha mtoto kulijaza fungu lake lote hata akiwa mdogo. Kuna mahali hilo halifai, kwa mfano alama ya tiki inayotakiwa kukaa ubavuni mwa jina la mtumiaji. Hapo jina hupewa `weight(1f, fill = false)`: likiwa fupi, tiki inalifuata hapohapo, likiwa refu, linakoma kwenye fungu lake na tiki haisukumwi nje. Ila fungu ambalo halikutumika haligawiwi wenye uzito wengine, linabaki wazi. Na ukiongeza `fillMaxWidth()` baada yake, umelifuta lile `fill = false`, kwa kuwa jina litajaza tena fungu lote.

Kuthibitisha si kazi. Fungua Layout Inspector ndani ya Android Studio, mguse mtoto aliyepotea, usome upana wake. Ukiwa sifuri, tafuta nani amepimwa kabla yake. Na unapojaribu skrini, usitumie "Sukari" peke yake. Weka jina refu kuliko yote yanayoweza kuandikwa na bei yenye tarakimu nyingi, kisha ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu.

Mahali ambapo mashindano haya hayapo kabisa ni ndani ya mstari unaosogezwa kwa kidole kulia na kushoto, wenye `horizontalScroll`. Huko upana hauna kikomo, kwa hiyo `fillMaxWidth()` haina cha kujaza na `weight` haina salio la kugawa. Kwenye mstari wa aina hiyo, mpe kila mtoto upana wake kwa namba.