Udongo unaoinua nyumba

Embakasi, jijini Nairobi, udongo mweusi hupasuka nyufa kiangazi, kisha hufura mvua zinaposhuka. Kabla ya kuchimba msingi, ni heri uupime.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Unga mkavu wa udongo uliochekechwa, mililita 10, humiminwa katika silinda ya maji, na mwingine kama huo katika silinda ya mafuta ya taa, ambayo hayaufurishi. Baada ya saa 24, tuseme wa kwenye mafuta umebaki 10, wa kwenye maji umefika 22. Umefura kwa asilimia 120: udongo hatari.

Lakini unga hauonyeshi nguvu ya kuinua. Kwa hiyo kipande kisichovurugwa hufungwa ndani ya pete ya chuma, huloweshwa, na mzigo huongezwa hadi kisiweze kuvimba. Kikidai kilopaskali 150, ilhali msingi wa nyumba ya ghorofa moja unakandamiza 50 tu, ukuta utainuliwa na kupasuka. Sampuli ichukuliwe kiangazi. Iliyokwisha kulowa hutoa namba ndogo inayodanganya.

Tabaka likiwa la mita moja na nusu, fundi huliondoa lote, msingi ukakaa juu ya mwamba, na sakafu ikajaziwa kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa. Likiwa nene mno, hutumika nguzo zinazofika chini ya kina kinachobadilika unyevu, au chokaa huchanganywa na udongo wa juu, kisha kipimo hurudiwa.