KUFUATILIA MAOMBI YA UKOMO WA MADENI



Kila chama cha msingi kinachotaka kukopa hupaswa kwanza kupata kibali cha ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho chama kinaweza kudaiwa. Mkutano mkuu hupitisha kiasi hicho, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika hukiidhinisha. Makatibu wengi huandaa maombi haya vizuri, lakini yakishatoka mikononi mwao huyaacha yajiendee. Makala haya yanaeleza namna ya kuyafuata.

Jambo la kwanza ni ushahidi wa kupokelewa. Barua ikipelekwa kwa mkono, nakala ya chama igongwe muhuri wenye tarehe, na Katibu aandike namba ya kumbukumbu ya jalada. Ikiwa maombi yametumwa kwa mfumo wa MUVU, namba ya maombi ndiyo inayoshika nafasi ya muhuri. Bila namba, hakuna karani wa masjala atakayeweza kukusaidia upesi.

Jambo la pili ni kusoma maneno ya majibu kwa makini, kwani kila neno huonyesha jalada liko mezani kwa nani. “Yamepokelewa” maana yake ni kwamba karatasi zimefika, wala si kwamba zimesomwa. “Yanashughulikiwa” ni neno pana. Huenda ofisa anazisoma, au anasubiri jambo ambalo hamjaambiwa. “Yamependekezwa” ni maoni ya Afisa Ushirika wa wilaya kwenda kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Hicho si kibali. “Yamerejeshwa kwa marekebisho” maana yake kazi imerudi kwenu, na ofisi haitafanya lolote hadi mtakapojibu. “Yameidhinishwa” ndicho kibali, lakini lazima kisomwe pamoja na kiasi na masharti yake.

Tuchukue mfano. Chama cha wakulima wa mahindi mkoani Ruvuma kinataka mkopo wa mbolea ya kupandia. Mvua za kupandia huanza Novemba, hivyo mbolea yapasa iwe ghalani mwishoni mwa Oktoba. Mkutano mkuu umepitisha ukomo wa shilingi 60,000,000, na maombi yanafikishwa wilayani tarehe 3 Agosti. Tarehe 10 Katibu anaambiwa kuwa yamependekezwa. Anaifahamisha Bodi kwamba shughuli imekwisha, naye hafuatilii tena.

Tarehe 2 Septemba anapokwenda mkoani kwa shughuli nyingine, anakuta maombi yalirejeshwa tangu tarehe 19 Agosti. Barua imelala kwenye sanduku la posta la chama kwa wiki mbili. Kosa ni moja tu: muhtasari wa mkutano unasema shilingi 60,000,000, lakini fomu inasema 65,000,000, kwa kuwa Bodi iliongeza gharama za usafirishaji baada ya mkutano. Bodi haina mamlaka ya kuzidisha kiasi kilichopitishwa na wanachama. Kuitisha mkutano mwingine kungechukua siku nyingi. Kwa hiyo Katibu anarekebisha fomu ilingane na muhtasari, na kuirudisha tarehe 4 pamoja na barua inayotaja namba ya jalada na kosa lililosahihishwa.

Tarehe 22 Septemba kibali kinatoka, lakini cha shilingi 50,000,000. Chama hakiwezi kukopa zaidi ya hapo, hata kama wanachama walipitisha 60,000,000. Tena kibali hicho si mkopo: benki nayo ina maombi yake, na wiki mbili zilizopotea sandukuni zingefaa sana hapo.

Je, ni lini inafaa kuuliza? Ndani ya siku chache za mwanzo, hakikisha una muhuri au namba. Kisha, kama ofisi haikutaja muda, uliza baada ya wiki mbili. Ikiwa imetaja tarehe, ngoja ipite. Kupiga simu kila siku hakusogezi jalada. Unapouliza, taja namba yako na uliza mambo matatu: jalada liko kwa nani, tangu tarehe gani, na linasubiri nini. Jawabu likiwa lile lile mara mbili mfululizo, andika barua ya kukumbusha, ukieleza tarehe ambayo pembejeo zinahitajika, na nakala impate Afisa Ushirika wa wilaya.

Kila jibu liandikwe katika daftari: tarehe, jina la cheo cha aliyejibu, na neno alilotumia. Sanduku la posta au akaunti ya chama katika mfumo ifunguliwe angalau mara moja kwa wiki hadi kibali kitoke. Na Bodi isitie saini mkataba wowote wa mkopo kwa kutegemea neno “yamependekezwa”.