Ubeti mmoja, picha tatu

Wasikilizaji wetu wa Kasulu na Kibondo, tazameni mishororo hii tuliyoitunga kwa mfano:

Ndoa ni mbegu shambani, usukani ushikeni,
Taa isizimwe ndani, mfike salama pwani.

Mizani ni nane kwa nane na vina vya -ni vimekaa. Lakini ndoa imekuwa mbegu, kisha chombo, kisha nyumba yenye taa. Ukiichora akilini utaona kasoro: mbegu haina usukani. Kina ndicho kilichomvuta mtunzi hadi pwani.

Bakiza picha moja, tafuta maneno ya shamba, kisha hesabu mizani upya:

Ndoa ni mbegu shambani, jembe lenu lishikeni,
Magugu yote ng'oeni, mtavuna msimuni.

Kama chombo nacho unakipenda, kipe ubeti wake.