Mng'ao wa pasi kwenye suruali ya tetroni

Suruali nyeusi ya sare ikipigwa pasi mara kadhaa huanza kung'aa kwenye midomo ya mifuko, juu ya mishono na kwenye pindo. Wengi hudhani imeungua, lakini kuungua na kung'aa vina visababishi tofauti.

Pamba haiyeyuki. Ikizidiwa na moto, huharibika kikemikali: kwanza inakuwa ya manjano, kisha kahawia, na mahali hapo huwa dhaifu hata pakafikia kuchanika. Hata hivyo huvumilia pasi kali, ndiyo maana kwenye lebo hupewa vitone vitatu, yaani mwisho wa sentigredi 200. Sufu hupewa viwili, 150. Nailoni na akriliki kwa kawaida hupewa kimoja, 110.

Tetroni, yaani poliesta, huyeyuka karibu na sentigredi 255. Kwa hiyo mtu anaweza kujiona salama akiweka pasi kwenye 150. Tatizo ni kwamba nyuzi zake huanza kulegea mapema sana, kwenye 70 hadi 80 hivi. Kuanzia hapo hukubali umbo lolote zinalolazimishwa, na zikipoa hubaki nalo. Ndiyo sababu marinda ya tetroni hudumu, na ndiyo sababu mng'ao nao hudumu. Uzi uliokuwa wa mviringo umebanwa ukawa bapa. Nyuzi nyingi zikilala bapa pamoja, mwanga haurudi ukiwa umetawanyika, bali hurudi kwa upande mmoja, kama kwenye kioo. Rangi nyeusi hulionyesha hilo zaidi.

Tazama tena mahali mng'ao unapoanzia. Kwenye mshono kitambaa kimekunjwa tabaka tatu au nne, kwa hiyo pasi hulalia hapo tu na uzito wote huishia kwenye ukanda mwembamba. Joto ni lilelile, kilichozidi ni mgandamizo. Kupunguza moto peke yake, basi, hakutoshi.

Suruali hiyo igeuze ndani nje. Weka pasi kwenye vitone viwili au chini yake, na kama ilikuwa inanyoosha pamba, isubiri ipoe kwanza, maana hupata moto haraka na kupoa taratibu. Kwa marinda, yanayopaswa kunyooshwa upande wa nje, tandika kitambaa chembamba cha pamba chenye unyevu, kisha bonyeza na kuinua bila kusugua. Iache suruali ipoe ikiwa imelala kabla ya kuitundika. Kitambaa kikiwa mchanganyiko wa poliesta na pamba, fuata poliesta.

Pasi ikianza kukwama au kuburuza kitambaa, nyuzi zimeanza kunata na kuyeyuka, iinue mara moja. Pakishapoa, mahali palipoyeyuka huwa pagumu ukipapapasa, na hapatengenezeki. Palipong'aa tu, mvuke na brashi vinaweza kuinua nyuzi zilizolala na kupunguza mng'ao kidogo, ila uzi uliokwisha kuwa bapa haurudi kuwa mviringo.