Mmoja Kalazwa, Wanne Wazima: Barua ya Kumwomba Mhadhiri Siku Zaidi

Mhadhiri akipokea barua ya kikundi inayosema mwenzao anaumwa, swali linalomjia kwanza halimhusu mgonjwa. Atampa pole, tena kwa dhati, lakini kichwani anajiuliza: na hao wanne wazima je? Kazi ya kikundi hutolewa makusudi ili watu wagawane mzigo, na mmoja akianguka wenzake wambebee. Barua nyingi za wanafunzi hushindwa hapo. Zinaeleza homa, dripu na usiku wa kukesha wodini kwa aya tatu nzima, kisha zinaomba wiki mbili, na lile swali la wanne linabaki bila jibu.

Tuchukue kikundi cha wanafunzi watano wa mwaka wa pili wa shahada ya biashara, Dar es Salaam. Wameambiwa waandike mpango wa biashara, nao wamechagua unga wa lishe wa mahindi, soya na karanga, unaofungashwa kwenye pakiti za kilo moja. Wamegawana sura kama kawaida: mmoja kachukua maelezo ya biashara, mwingine soko na washindani, wa tatu uzalishaji pamoja na taratibu za BRELA na TBS, wa nne uongozi na wafanyakazi. Wa tano ndiye wa fedha. Alizunguka Tandale na Kariakoo akiuliza bei za nafaka, vifungashio na gharama za kusaga, na kila alichoambiwa alikiandika kwenye daftari lake. Mwisho wa kuwasilisha ni Ijumaa, tarehe 16 Mei 2025, saa 10:00 jioni. Jumapili usiku tumbo likamshika. Jumatatu akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo.

Wenzake wanaweza kujiuliza kwa nini wasiandike tu hiyo sura ya fedha wenyewe kwa bei za kukisia. Hebu tuifanye hesabu. Tuseme gharama zisizobadilika za mwezi, yaani pango, mshahara wa msaidizi na umeme, ni shilingi 360,000. Pakiti inauzwa shilingi 3,000, na kuitengeneza kunagharimu 1,800. Kila pakiti inabakiza 1,200, hivyo biashara inahitaji kuuza pakiti 300 kwa mwezi ili isipate hasara wala faida. Sasa mtu akikosea bei ya kifungashio na nafaka kwa shilingi 150 tu kwa pakiti, kinachobaki kinakuwa 1,050, na pakiti zinazohitajika zinapanda hadi 343. Mtiririko wa fedha wa miezi 12 wote unabadilika, na hata ile sura ya soko, iliyosema watauza pakiti 320 kwa mwezi, inageuka kutoka faida kuwa hasara. Kwa hiyo bei zilizomo kwenye lile daftari ndizo nguzo ya mradi mzima. Hilo ndilo jibu la swali la mhadhiri, na ndilo linalopaswa kukaa katikati ya barua.

Kabla ya kuandika neno lolote, kikundi kifanye jambo moja: kilipate daftari. Ndugu wa mgonjwa akienda kumwona anaweza kupiga picha kurasa zake na kuzituma kwa WhatsApp. Hapo ndipo kikundi kitajua kimebakiwa na kazi kiasi gani. Kwa mfano wetu, picha zimefika Jumatano asubuhi. Baadhi ya bei hazisomeki na inabidi mtu arudi sokoni, hiyo ni siku moja. Kuingiza takwimu kwenye Excel na kupanga mtiririko wa fedha ni siku mbili kwa watu wawili. Kuoanisha sura ya fedha na ile ya soko, kisha kusoma andiko lote kwa pamoja, ni siku moja nyingine. Jumla siku nne za kazi. Ukianza kuhesabu Alhamisi na ukaiacha Jumapili, wanamaliza Jumatatu jioni. Wakijipa siku moja ya tahadhari na moja ya kuchapa, wanaomba hadi Jumatano tarehe 21. Mhadhiri anayeona hesabu hii hana la kukata, lakini anayeombwa "wiki mbili hivi" anajua hapo hakuna aliyehesabu kitu.

Barua yenyewe inaweza kwenda hivi, baada ya anwani mbili na tarehe:

Ndugu Mhadhiri,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUWASILISHA MRADI WA KIKUNDI NA. 7, SOMO LA UJASIRIAMALI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mwenzetu aliyekuwa na jukumu la sura ya fedha amelazwa tangu tarehe 12 Mei 2025, na daktari amempa mapumziko hadi tarehe 26 Mei. Cheti cha daktari tumekiambatanisha.

Sura nne kati ya tano zimekamilika, nasi tutaziwasilisha Ijumaa tarehe 16 Mei kabla ya saa 10:00 jioni kama ilivyopangwa. Sura ya fedha inategemea bei alizokusanya mwenzetu sokoni. Daftari lake tumelipata leo, na wanachama wawili wamekabidhiwa kazi hiyo. Kuhakiki bei, kuandaa mtiririko wa fedha na kuoanisha andiko kutachukua siku nne za kazi.

Kwa hiyo tunaomba kuwasilisha sura ya tano siku ya Jumatano, tarehe 21 Mei 2025, kabla ya saa 10:00 jioni. Iwapo haitawezekana, tunaomba maelekezo yako kama sura nne zisahihishwe zilivyo, au tufuate utaratibu mwingine utakaoona unafaa.

Wako mtiifu,
Kiongozi wa Kikundi Na. 7, kwa niaba ya wanachama

Chini yake yanafuata majina matano, namba za usajili na sahihi. Mgonjwa naye aridhie, hata kwa ujumbe wa simu, kwa sababu habari inayopelekwa ni yake.

Utaona barua haikutaja kidole tumbo popote. Mhadhiri anahitaji kujua mambo mawili tu, kwamba mtu hawezi kufanya kazi na ni kuanzia lini hadi lini. Cheti kizuri cha daktari, kile ambacho wengi hukiita ED, kinasema hayo bila kuanika ugonjwa. Si haki wanafunzi wanne kumwaga siri ya mwenzao kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa makarani wa idara. Jambo la kuangalia zaidi ni tarehe. Cheti kinachoanza tarehe 17 hakimsaidii mtu aliyetakiwa kuwasilisha tarehe 16, na mhadhiri huangalia hapo kabla hajasoma kingine. Muhuri na jina la hospitali pia viwe vinasomeka, maana anaweza kupiga simu kuuliza. Wapo wanaonunua vyeti vya bandia. Akibainika mmoja, suala si la alama tena, linakuwa la nidhamu na linaweza kumfukuzisha chuo.

Kuwasilisha sura nne kwa wakati ni sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote. Mhadhiri ana vikundi vingine kumi au ishirini vilivyokesha ili kuwahi Ijumaa. Akiwapa ninyi siku tano za kunoa andiko lote, vile vingine vitalalamika, na vitakuwa na haki. Sura nne zikiwa tayari mezani kwake, hakuna wa kusema mmepewa muda wa kuboresha. Kilichosogea ni kipande kile tu kilichokwamishwa na ugonjwa.

Lugha ya barua hufuata desturi ya idara. Kwenye vyuo vyetu kazi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na kama idara inataka hivyo, mpangilio unabaki uleule. Nakala mbili zipelekwe ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo, na nyingine itumwe kwa barua pepe ikiwa na jina la somo na namba ya kikundi kwenye kichwa chake. Mwambieni pia mwakilishi wa darasa, ila msimwachie yeye kazi ya kuomba. "Tulimwambia mwakilishi" ni maneno ambayo wahadhiri wameyasikia mpaka yamewachosha.

Kuna mipaka ya alichonacho mhadhiri. Tarehe ya kazi ya darasani huwa mikononi mwake, ingawa naye ana siku aliyopewa ya kupeleka alama za muhula idarani kabla ya mitihani. Barua ikiletwa wiki ya mwisho ya masomo, anaweza kukubali moyoni na asiwe na nafasi ya kutoa. Kuahirisha mtihani wa mwisho ni jambo jingine kabisa, lina fomu zake na ngazi zake juu ya mhadhiri, na barua hii haligusi. Someni pia muhtasari wa somo mliopewa mwanzo wa muhula. Baadhi ya wahadhiri wameandika humo alama ngapi zinakatwa kwa kila siku ya kuchelewa, na kuomba kana kwamba kanuni hiyo haipo ni kujionyesha hamkuusoma.

Limebaki lile ambalo vikundi hulikwepa. Mara nyingine mgonjwa ni mtu aliyekuwa hajafanya lolote hata kabla ya kuugua, na ugonjwa unatumika kufunika wiki tano za uzembe. Mhadhiri hulitambua kwa urahisi. Anaomba daftari, kumbukumbu za vikao au rasimu ya kwanza, na hakuna hata kimoja. Kama hali ndiyo hiyo, msiandike barua ya ugonjwa. Nendeni mkaeleze kwamba mwanachama hakushiriki, kabla ya tarehe ya mwisho, mkiwa na ushahidi wa ujumbe mliomtumia. Huyo mgonjwa naye ataomba kwa barua yake, kwa jina lake. Kuchanganya mambo hayo mawili kunaweza kuwaponza hata wale waliofanya kazi.

Jibu mlipate kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja wa barua pepe. Mhadhiri akiwakubalia njiani akielekea darasa jingine, mshukuruni, kisha jioni hiyohiyo mwandikieni kumkumbusha tarehe aliyoitaja, naye athibitishe. Na ikifika Ijumaa mchana hajajibu, hesabuni kwamba tarehe haijasogea: pelekeni mlichonacho kabla ya saa 10:00, na nakala ya barua yenye muhuri mwiambatanishe juu yake.