Alama ya Swali la Kwanza

Shule nyingi siku hizi zinawataka wanafunzi waandike namba badala ya majina kwenye karatasi za mtihani. Ni hatua njema. Mwalimu asiyejua karatasi ni ya nani hawezi kumwongezea alama yule anayejibu vizuri darasani, wala kumpunguzia mtundu. Lakini katika masomo ya insha, kama fasihi na historia, namba haimalizi kazi, kwa sababu upendeleo mwingine huzaliwa ndani ya karatasi yenyewe, mtahini akiwa anasoma.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima watu waliokuwa chini yao. Kila sifa ilitakiwa ipimwe peke yake: umbo, akili, uongozi, tabia. Hata hivyo aliyepata alama za juu katika sifa moja alizipata karibu katika zote, kwa kiasi ambacho hakiaminiki kwa binadamu wa kawaida. Sifa moja ilikuwa imezifunika nyingine. Thorndike aliita kosa hilo athari ya halo.

Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alilikuta kosa hilohilo mikononi mwake. Katika kitabu chake cha mwaka 2011 anaeleza kwamba alipokuwa mhadhiri kijana alisahihisha insha kama wengi wetu tunavyofanya: anachukua kijitabu cha mwanafunzi mmoja, anasoma majibu yote mfululizo, anajumlisha, kisha anachukua kingine. Baadaye akagundua kwamba alama za kila mwanafunzi zilifanana mno. Insha ya kwanza ikiwa nzuri, sentensi yenye utata katika insha ya pili aliitafsiri kwa wema. Ikiwa mbaya, utata uleule aliuhesabu kuwa kosa. Aliwaambia wanafunzi kwamba insha zote mbili zina uzito sawa, kumbe ile ya kwanza ilikuwa inaamua.

Akabadili utaratibu. Alisahihisha swali la kwanza kwa wanafunzi wote, akiandika alama ndani ya jalada la nyuma asizione tena, ndipo akaenda swali la pili. Matokeo yalimkosesha raha: alama za mwanafunzi mmoja zilianza kupishana sana, na mara nyingi alitamani kurudi kuzirekebisha zilingane. Ule uhakika wa zamani ulitokana na kosa lenyewe.

Tuchukue mfano wa karatasi ya fasihi ya KCSE nchini Kenya, yenye majibu manne ya alama 20 kila moja. Tuseme mwanafunzi amejibu swali la riwaya vizuri, akastahili 17. Jibu lake la ushairi linataja tamathali bila kueleza zinafanya nini katika shairi, na kwa haki ni 10. Mtahini aliyetoka kuisoma riwaya atasema moyoni, "Huyu anajua, ameharakisha tu," na kumpa 14. Alama nne hizo mwanafunzi hakuziandika popote. Mwenzake aliyeanza na jibu dhaifu na kumalizia na zuri atakatwa kwa mkono uleule.

Dawa yake haina gharama. Funika namba, sahihisha swali moja kwa darasa zima, na uandike alama kwenye jedwali lililo mbali na karatasi. Kabla ya swali la pili, changanya karatasi upya. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ya lazima, kwa kuwa insha ya wastani inayosomwa baada ya tatu mbovu huonekana nzuri kuliko ilivyo. Mpangilio ukibaki uleule, mwanafunzi mmoja atafaidi jirani yake katika kila swali. Usitie wekundu wala maoni katika jibu ambalo wewe au mwenzako mtalisoma tena. Andika pembeni kwenye karatasi nyingine.

Mwandiko ni kikwazo kigumu zaidi. Mwalimu wa darasa la watu 40 anawatambua wanafunzi wake kwa herufi zao, na namba haimsaidii chochote. Hapo afadhali walimu wawili wa mikondo tofauti wabadilishane karatasi, baada ya kukaa pamoja na mwongozo wa kusahihisha na kukubaliana juu ya insha chache za mfano.

Ili kujua kama umepona, tazama jedwali lako. Karibu kila mwanafunzi akiwa na alama zinazofanana katika maswali yote manne, shuku usahihishaji kabla ya kuwasifu kwa uthabiti. Kisha chukua karatasi kumi ulizoanza nazo, uzisome tena bila kuona alama za awali. Tofauti ya alama moja au mbili ni ya kawaida katika insha. Zikipanda au kushuka zote kwa pamoja, kipimo chako kilihama njiani, na fungu la mwanzo linapaswa kusahihishwa upya kabla majina hayajafunuliwa.